Mkurugenzi mwenye hisa 30% na meneja wa kampuni hiyo hiyo: akifukuzwa, anaweza kudai ameachishwa kazi isivyo haki?

#1 Dau la Mayungu
Assalaam alaikum. Nauliza kwa niaba ya shemeji yangu, yuko hapa hapa Malindi. Kampuni yao ni ya boti za kupeleka wageni kwenye hifadhi ya bahari na safari za kuvua. Wenye hisa ni watatu: yeye ana 30%, na ndugu wawili wa tumbo moja wana 35% kila mmoja. Wote watatu ni wakurugenzi. Wale ndugu hawashughuliki na kazi za kila siku, mmoja anakaa Mombasa na mwingine ana duka la vipuri. Shemeji ndiye meneja: anapanga zamu za manahodha, ananunua mafuta, anafuatilia leseni za boti, anapokea wageni kutoka mahotelini.

Hulipwa 45,000 kwa slipu ya mshahara, inakatwa PAYE na NSSF. Halafu kila mwisho wa mwezi benki huingia 50,000 nyingine, imeandikwa `DIRECTOR DRAWINGS`. Mkataba wa maandishi hana. Mwezi wa pili walikosana juu ya kununua injini mpya, na siku ya tatu akakuta ujumbe kwenye kundi la WhatsApp la kampuni: "Kuanzia leo huna kazi wala nafasi ofisini. Funguo mwachie mlinzi." Sasa ni miezi mitano. Ameambiwa na mtu kwamba mwenye kampuni hawezi kujigeuza mfanyakazi. Ni kweli?

#2 Kidagaa
Ni kweli. Mwajiri ni nani hapo? Ni yeye na wenzake. Mtu hawezi kujiajiri halafu ajishtaki. Yeye auze hisa zake aondoke. Na hata kama angekuwa mfanyakazi, malalamiko ni ndani ya miezi 3. Amechelewa.

#3 Wakili wa Barabarani
Kidagaa, yote mawili hayako hivyo.

Mwajiri hapo si yeye wala wenzake. Mwajiri ni kampuni, na kampuni ni mtu wa kisheria aliye mbali na wenye hisa. Kwa hiyo mtu mmoja anaweza kuvaa kofia tatu kwa wakati mmoja: mwenye hisa, mkurugenzi, na mfanyakazi. Kila kofia ina njia yake ya kuvuliwa. Kofia ya hisa haivuliwi kwa ujumbe wa simu. Ya ukurugenzi huvuliwa kwa azimio la wanahisa chini ya kifungu cha 139 cha Sheria ya Kampuni ya 2015, tena kwa notisi maalum. Ya kazi huvuliwa kwa kufuata Sheria ya Ajira ya 2007. Wale ndugu walitaka kuvua zote tatu kwa mstari mmoja wa WhatsApp.

Miezi 3 ni ya kupeleka malalamiko kwa afisa wa leba chini ya kifungu cha 47. Kwenda mahakamani Sheria ya Ajira inatoa miaka 3. Hajachelewa.

Swali gumu ni moja tu: je, kofia ya tatu alikuwa nayo kweli?

#4 Mhasibu wa Shela
Naongeza la upande wa kodi. Sheria ya Kodi ya Mapato inamtambua mkurugenzi anayefanya kazi muda wote, na sharti mojawapo ni asimiliki wala kudhibiti zaidi ya 5% ya hisa. Huyu ana 30%. Basi kisheria yeye si mfanyakazi, ni mkurugenzi tu.

#5 Wakili wa Barabarani
Kanuni hiyo ipo, Mhasibu, lakini kazi yake ni kuhesabu kodi. Haiamui nani ni mwajiriwa. Sheria ya Ajira inasema mwajiriwa ni mtu aliyeajiriwa kwa ujira au mshahara. Haikuweka kiwango cha hisa popote. Ukiipeleka hiyo 5% mbele ya Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi itakuwa umebeba chombo cha fundi mwingine.

#6 Karani wa Zamani
Kuna kesi ya rubani wa ndege wa New Zealand aliyekuwa na karibu hisa zote za kampuni yake, akafukuzwa, akashinda. Nadhani inaitwa Lee.

#7 Wakili wa Barabarani
Ndiyo Lee, ila hakufukuzwa, mzee wangu. Alikufa. Alikuwa na hisa 2,999 kati ya 3,000, ndiye mkurugenzi mkuu, na ndiye rubani wa kunyunyizia mashamba. Ndege ikaanguka 1956. Mjane akadai fidia ya mfanyakazi aliyefia kazini. Mahakama ya Rufani ya New Zealand ikamkatalia kwa hoja ile ile ya Kidagaa, kwamba mtu hawezi kujiamuru mwenyewe. Baraza la Faragha la London likaibatilisha 1960: aliyetoa amri ni kampuni, aliyeitii ni Lee mfanyakazi.

Kwa hapa Kenya hukumu hiyo haimfungi jaji, ila hushawishi.

#8 Bi Mkadi
Mimi nina 10% kwenye kampuni ya ndugu yangu lakini sifanyi kazi pale, natokea kwenye mkutano wa mwaka tu. Gawio sijalipwa miaka miwili. Hii kesi ya kuachishwa kazi naweza kufungua?

#9 Nahodha wa Mkondo
Hapana, dada. Wewe una kofia ya hisa peke yake. Hujaachishwa kazi kwa sababu kazi hukuwa nayo. Malalamiko ya mwenye hisa anayeonewa na walio wengi yana kifungu chake, cha 780 cha Sheria ya Kampuni, na huenda Mahakama Kuu. Fungua uzi mwingine tuzungumze, hili la gawio ni refu.

#10 Bi Mkadi
Shukran, nimeelewa.

#11 Nahodha wa Mkondo
Turudi kwa shemeji. Mahakama haiangalii jina la cheo, inaangalia maisha ya kazi yalikuwaje. Dau, jibu haya: Alikuwa akiomba likizo kwa mtu au anajiendea? Saa zake za kazi zilijulikana? Kiwango cha mshahara kilipangwa na nani? Kuna siku mapato yaliposhuka akakosa mshahara na manahodha wakalipwa? Ameweka dhamana ya mkopo wa kampuni?

#12 Dau la Mayungu
Nimempigia. Likizo alikuwa akijaza fomu ile ile ya manahodha na ndugu mkubwa anatia saini, fomu anazo mbili. Kazini saa 1 asubuhi kila siku isipokuwa Jumatatu. Mshahara ulipangwa kwenye kikao cha wakurugenzi na kumbukumbu za kikao ziko. 2020 watalii walipokatika alikaa miezi 3 bila mshahara, manahodha walilipwa nusu. Na dhamana ameweka, mkopo wa boti ya pili.

#13 Kidagaa
Hapo basi. Dhamana ya mkopo na kukaa bila mshahara ni tabia ya mwenye mali. Mfanyakazi gani anadhamini deni la tajiri wake?

#14 Wakili wa Barabarani
Hoja ya dhamana ina uzito kuliko zile za kwanza, Kidagaa, na mawakili wa kampuni wataitumia. Lakini Mahakama ya Rufani ya Uingereza iliipima kwenye kesi ya Neufeld, 2009. Huyo alikuwa na 90% ya hisa. Walisema dhamana, mtaji aliotia, na nguvu yake ya kura ni mambo anayofanya kama mwenye hisa, kwa hiyo kwa kawaida hayasemi lolote juu ya kama ana mkataba wa ajira au hana. Kinachotafutwa ni mkataba wa kweli, si wa kuigiza, na kama watu waliishi kwa mujibu wake.

Miezi ya bila mshahara ni jambo jingine. Hilo linahesabiwa. Miezi 3 ya 2020, wakati manahodha nao wamekatwa nusu, inaelezeka. Ingekuwa mwaka mzima anakaa bila mshahara na hadai, ningekuwa na wasiwasi.

#15 Nahodha wa Mkondo
Rekebisho dogo kabla watu hawajaitumia vibaya. Neufeld haikuwa kesi ya kufukuzwa isivyo haki. Kampuni ilifilisika, mtu akadai stahili zake kutoka mfuko wa serikali, serikali ikasema wewe hukuwa mfanyakazi. Swali la kofia ni lile lile, ila mpinzani alikuwa serikali. Hapa mpinzani ni kampuni yenyewe, ambayo kila mwezi ilimtangaza kwa KRA kama mfanyakazi wake. Kwangu mimi hiyo inamsaidia zaidi shemeji. Kampuni itawezaje kukana kitu ilichokiandika yenyewe?

#16 Karani wa Zamani
Na kofia ya ukurugenzi ilivuliwa? CR12 ya leo, ile karatasi ya msajili wa kampuni inayotaja wakurugenzi na wenye hisa, inasemaje?

#17 Dau la Mayungu
Ameitoa wiki iliyopita kupitia eCitizen. Jina lake bado liko kama mkurugenzi na hisa 30% ziko pale pale.

#18 Karani wa Zamani
Basi aiweke vizuri. Maana yake wamemtoa kazini tu, ukurugenzi bado anao. Kumtoa ukurugenzi wanaweza, kwa sababu 70% zinatosha azimio la kawaida. Lakini lazima notisi maalum ya siku 28, yeye apewe nakala, na apewe nafasi ya kujitetea kwenye mkutano. Wakifanya hivyo vizuri ukurugenzi umekwisha, hakuna mahakama ya kazi itakayourudisha.

Halafu kuna mtego nimeuona sana nilipokuwa nikijaza fomu za kampuni. Watamletea barua fupi ya kutia saini, "najiuzulu nafasi zangu zote", wakimwambia ni kwa ajili ya kurekebisha CR12. Asitie. Neno "zote" linabeba na kazi. Akiitia atakuwa hakufukuzwa, ameacha mwenyewe. Akitaka kuachia ukurugenzi aandike yeye, ataje ukurugenzi peke yake na aseme wazi kwamba madai ya ajira yabaki.

#19 Mhasibu wa Shela
Karani amesema kweli. Sasa naomba turudi kwenye zile 50,000, kwa sababu naona watu wanazipita.

#20 Wakili wa Barabarani
Kabla ya hapo nimalize la utaratibu. Kifungu cha 41 kinataka, kabla ya kumwachisha mtu kwa utovu wa nidhamu au utendaji mbaya, aelezwe sababu kwa lugha anayoielewa, asikilizwe, na aruhusiwe kuja na mfanyakazi mwenzake. Kifungu cha 43 kinamtaka mwajiri athibitishe sababu. Ujumbe wa WhatsApp hauna sababu wala kikao. Akishathibitisha kwamba alikuwa mfanyakazi na aliachishwa, upande wa utaratibu kampuni haina pa kushika. Ndiyo maana watapigana kwenye lango: watasema hakuwa mfanyakazi, na watasema huu ni ugomvi wa wenye hisa, uende Mahakama Kuu.

Ombi lake kwa hiyo liwe safi. Adai mshahara wa notisi, siku za likizo ambazo hakuchukua, na fidia. Ashtaki kampuni, si wale ndugu. Asichanganye thamani ya hisa wala gawio kwenye karatasi hiyo. Akichanganya, amewapa hoja yao bure. La hisa litafunguliwa peke yake kwa kifungu cha 780. Mahakama zote mbili ziko Malindi, haina haja ya kusafiri.

#21 Kidagaa
Na malipo ya utumishi, siku 15 kwa kila mwaka? Hayo mmesahau.

#22 Nahodha wa Mkondo
Hatukusahau. Aliyekuwa mwanachama wa NSSF hapati hayo. Shemeji alikatwa NSSF. Taarifa ya NSSF itamnyima siku 15, lakini ndiyo hiyo hiyo itakayothibitisha kwamba alikuwa mfanyakazi. Aichukue.

#23 Mhasibu wa Shela
Sawa, sasa 50,000.

Fidia ya juu kabisa ni mishahara ya miezi 12, ikipigwa kwa mshahara ghafi wa wakati wa kuachishwa. Kwa 45,000 kilele ni 540,000. Kwa 95,000 kilele ni 1,140,000. Kila mtu atamwambia adai ya 95,000. Mimi nasema asikimbilie.

Kwenye vitabu vya kampuni, pesa iliyoandikwa hivyo huenda kwenye akaunti ya mkurugenzi. Kama mwisho wa mwaka hawakutangaza gawio kuifuta, wala hawakuipitisha kwenye mishahara, inabaki ni deni analodaiwa na kampuni. Piga hesabu: miezi 24 tu ni 1,200,000. Akidai fidia, kampuni inaweza kuleta madai kinzani: turudishie ulichochota. Madai kinzani hayo yanazidi kilele cha fidia yake hata kwa mshahara wa 95,000.

Na akisema ilikuwa mshahara, swali la pili ni PAYE. Haikukatwa. KRA wataidai kampuni kodi na riba, na yeye alikuwa mkurugenzi wakati huo wote.

#24 Wakili wa Barabarani
Hili ni la maana, nashukuru umelirudisha. Lakini sikubali yote. Kiasi ni kile kile kila mwezi, tarehe ni ile ile ya mshahara, na je, wale ndugu wawili nao walichota? Kama walichota kwa uwiano wa hisa, basi ilikuwa faida. Kama ni yeye tu aliyekuwa akipokea, kwa sababu ni yeye tu aliyefanya kazi, ulikuwa mshahara uliovalishwa jina jingine. Dau, ulizia.

#25 Dau la Mayungu
Wale wawili hawakuwa wakipokea kila mwezi. Hupata mwisho wa msimu, mwezi wa nne, na msimu mbaya hawapati. Yeye 50,000 hazikukosa isipokuwa ile 2020.

#26 Wakili wa Barabarani
Basi inaelekea kuwa mshahara.

#27 Mhasibu wa Shela
Inaelekea, lakini iko chini ya jina ambalo yeye mwenyewe aliliidhinisha. Hesabu za mwaka zilitiwa saini na wakurugenzi. Aangalie kama saini yake ipo. Kama ametia saini hesabu zinazosema anadaiwa, atasemaje leo kwamba ulikuwa mshahara?

#28 Nahodha wa Mkondo
Na inabadilisha mahakama pia. Mahakimu wa ngazi ya hakimu mkazi mwandamizi na kuendelea wamepewa kesi za ajira ambazo mshahara ghafi hauzidi 80,000 kwa mwezi. Kwa 45,000 aende kwa hakimu. Kwa 95,000 lazima Mahakama ya Ajira yenyewe. Akifungua kwa hakimu halafu kwenye maelezo yake aandike 95,000, kesi itatupwa kabla ya shahidi wa kwanza. Achague moja na kila karatasi iseme hivyo hivyo.

#29 Pwani ya Tanga
Ndugu zetu, miaka 3 mna raha. Huku Tanzania ukiachishwa una siku 30 kupeleka mgogoro CMA, yaani Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ukipitisha lazima uombe kuongezewa muda na uwe na sababu. Huyo wa miezi mitano huku angekuwa anaanza na maombi ya kuchelewa.

#30 Karani wa Zamani
Karibu Tanga. Ndiyo maana asome sheria ya mahali kampuni ilipo, asichukue ya jirani.

Suala moja mmelipita: mkataba wa maandishi. Sheria inasema kazi ya miezi 3 au zaidi mkataba uandikwe, na jukumu la kuuandika ni la mwajiri. Mwajiri asipoutoa mahakamani, mzigo wa kupinga masharti anayodai mfanyakazi unakuwa wake. Hiyo itamsaidia.

#31 Wakili wa Barabarani
Kwa mfanyakazi wa kawaida ningesema ndiyo bila kusita. Kwa huyu nina shaka. Aliyekuwa na jukumu la kuandaa mikataba ya wafanyakazi pale ofisini ni nani? Ni meneja, yaani yeye. Watasema anataka kunufaika na kosa lake.

#32 Nahodha wa Mkondo
Naona tofauti. Meneja huandika mikataba ya walio chini yake. Mkataba wake mwenyewe ulikuwa wa kuandikwa na bodi. Angejiandikia mwenyewe, leo wangesema ni mkataba wa kughushi.

#33 Wakili wa Barabarani
Hoja nzuri. Lakini jaji anaweza kuiona vyovyote. Nisingeijenga kesi juu yake, ningeiweka nyuma ya kumbukumbu za kile kikao kilichopanga mshahara. Karatasi hiyo ndiyo karibu zaidi na mkataba. Inasema nini hasa?

#34 Dau la Mayungu
Nimemwambia anitumie picha. Mstari wenyewe: "Imekubaliwa meneja wa shughuli alipwe KSh 45,000 kwa mwezi kuanzia 1 Machi 2021, pamoja na 50,000 ya mkurugenzi mtendaji." Saini tatu.

#35 Mhasibu wa Shela
Neno "mtendaji" hapo linaweza kuvuta huku au kule. Kama ni malipo ya kutenda kazi, ni ujira. Kama ni ya ukurugenzi, si mshahara wa meneja, lakini pia si uchotaji wa deni, maana bodi imeidhinisha. Kwa vyovyote madai kinzani yamepungua nguvu. Nakubali hilo.

#36 Kidagaa
Na mimi nakubali ni mfanyakazi kwa zile 45,000. Kwa 50,000 bado sijakubali.

#37 Nahodha wa Mkondo
Dau, mwambie awe na hivi kabla ya kuonana na wakili: fomu za P9 za miaka yote, taarifa ya NSSF, taarifa ya benki, fomu mbili za likizo, kumbukumbu za kikao halisi na si picha, CR12 ya sasa, na ule ujumbe. Ule ujumbe asiufute wala asibadilishe simu. Mahakama inataka cheti cha ushahidi wa kielektroniki kinachoeleza umetoka kwenye kifaa gani na nani aliuchapisha. Wengi hupeleka karatasi ya picha ya skrini bila cheti na inapingwa.

#38 Dau la Mayungu
Shukran nyote. Simu yenyewe kioo kimevunjika, alikuwa anataka kuibadilisha kesho.

#39 Nahodha wa Mkondo
Abadilishe kioo, simu abaki nayo.

#40 Mhasibu wa Shela
Na zile hesabu za mwaka zenye saini, azitafute. Mkurugenzi ana haki ya kuona vitabu vya kampuni, na CR12 inasema bado ni mkurugenzi. Aandike barua ya kuomba nakala wiki hii, kabla ile notisi ya siku 28 haijatolewa.